Nukta Tatu Zilizomeza "Si Kweli"

Chukua kichwa cha habari kama hiki. Ni cha kubuni, lakini ni cha aina inayoandikwa sana msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi unapofika ukingoni: "Madai kwamba wanafunzi wameongezewa muda wa maombi si kweli". Uvumi umeenea kwenye makundi ya WhatsApp, mwandishi ameufuatilia, amekuta hauna msingi, ameukanusha. Kichwa chake kina herufi 59, ukihesabu na nafasi zilizo kati ya maneno. Amefundishwa kwamba kichwa kisizidi herufi 60 ili kisikatwe kwenye matokeo ya Google, na kanuni hiyo ameitii.

Sasa mwanafunzi anayehofia kuchelewa anatafuta habari za muda wa maombi kwa simu yake. Anachokiona ni hiki:

> Madai kwamba wanafunzi
> wameongezewa muda wa maombi…

Kanusho limeondoka. Neno "madai" limebaki, ni kweli, lakini halitoi hukumu yoyote: madai yanaweza kuthibitishwa au kukanushwa, na hapa hukumu ndiyo iliyokatwa. Mtu anayepitisha macho haraka ataondoka na maneno matatu, "wameongezewa muda wa", na huenda asibonyeze kabisa kwa sababu anadhani jibu ameshalipata. Habari iliyoandikwa kuzima uvumi imeusaidia uvumi kupita.

Imekuwaje, na herufi zenyewe hazikufika 60? Ni kwa sababu simu haihesabu herufi. Simu hupima upana, na kipimo chake ni pikseli. Google yenyewe, katika maelekezo yake kwa wenye tovuti, inasema kwamba kichwa hakina kikomo cha urefu, ila hukatwa pale inapobidi, kwa kawaida ili kitoshe upana wa kifaa.

Kanuni ya herufi 60 ina chanzo kinachoeleweka. Kwenye kompyuta, kichwa katika matokeo ya Google huandikwa kwa fonti ya Arial yenye ukubwa wa pikseli 20, ndani ya upana wa takriban pikseli 600. Ukikadiria kwamba herufi moja inachukua wastani wa pikseli 10, basi 600 kwa 10 ni 60. Huo ni wastani tu, na wastani huficha tofauti kubwa. Katika fonti hiyo, "i" na "l" huchukua pikseli 4.4 kila moja, "a" huchukua 11, "w" huchukua 14, na "m" karibu 17. Neno "tulifikiri" lina herufi kumi na linachukua pikseli 61. Neno "mwanamume" lina herufi tisa tu, lakini linachukua 120. Kwa anayehesabu herufi, la pili ndilo fupi. Kwenye kioo, upana wake ni karibu mara mbili ya la kwanza.

Kiswahili kimejaa "a", na viambishi vyake vya watu, "wa-" na "mw-", vinaanza na herufi pana kuliko nyingine zote ndogo. Kichwa chetu cha mikopo kina jumla ya pikseli 613, yaani zaidi ya kumi kwa kila herufi. Mwandishi aliyebaki chini ya 60 kwa hesabu ya herufi tayari amevuka 600 kwa upana.

Hata hivyo, hilo halijaeleza kila kitu, maana simu huonyesha kichwa kwa mistari miwili. Simu nyingi za Android zina nukta 720 au 1080 kwa upana, lakini kivinjari huupanga ukurasa kana kwamba upana ni pikseli 360 hivi. Ukitoa nafasi ya pembeni kushoto na kulia, mstari mmoja unabaki na takriban 330. Mistari miwili ni 660. Kichwa chenye 613 kingepaswa kuingia na nafasi kubaki.

Hakiingii kwa sababu neno halikatwi katikati. Mstari wa kwanza unabeba "Madai kwamba wanafunzi", pikseli 230. Zimebaki 100. Neno linalofuata ni "wameongezewa", ambalo peke yake ni pikseli 144, kwa hiyo linashuka zima zima mstari wa pili, na zile 100 zinabaki tupu. Mstari wa pili sasa unabeba "wameongezewa muda wa maombi", pikseli 308. Ukiongeza "si" unafika 328, na hakuna tena pahali pa zile nukta tatu zinazohitaji 20 za kwao. Basi "si" inaondolewa pamoja na "kweli", na nukta tatu zinakaa mahali pake. Kwenye kompyuta, ambako kila kitu kiko kwenye mstari mmoja wa 600, kichwa hichohicho kinakatwa baada ya "si". Msomaji wa kompyuta angalau anaonjeshwa kanusho. Wa simu hapati hata hilo.

Hasara hii ya mwisho wa mstari huwauma zaidi waandishi wa Kiswahili. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli ndani ya neno moja, ndiyo maana maneno kama "wameongezewa", "yanayosababishwa" na "hawajakabidhiwa" ni ya kawaida kabisa kwetu. Neno refu likiangukia mwisho wa mstari wa kwanza, linaacha pengo kubwa. Na hakuna hesabu ya herufi inayoweza kuliona pengo hilo, kwa sababu linategemea neno limeangukia wapi.

Kuna jambo la pili, nalo ni mpangilio wetu wa maneno. Sisi huanza na jambo la jumla, kisha tukalipunguza hatua kwa hatua kwa "ya", "wa" na "cha", hadi kufika kwenye kitu chenyewe. Tazama kichwa hiki: "Matokeo ya Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne Mkoa wa Kilimanjaro 2024". Ni Kiswahili safi. Kwa vipimo vyetu vilevile, simu itaonyesha "Matokeo ya Mtihani wa Taifa wa" juu na "Kidato cha Nne Mkoa wa…" chini. Mzazi aliyefungua Google siku ya matokeo ataona vichwa vitano vinavyofanana kama mapacha, kila kimoja kikiishia "Mkoa wa", bila mkoa wala mwaka. Atabonyeza kimojawapo kwa kubahatisha, na huenda akaangukia matokeo ya mwaka mwingine. "Kilimanjaro 2024: Matokeo ya Kidato cha Nne" kinaanza na vile vitu viwili anavyovitafuta, na mkato wowote utakula yale ambayo anayajua tayari.

Kanusho linataka matibabu hayohayo, ila kwa uangalifu zaidi. Kwa kichwa chetu cha mikopo ningependekeza: "Hakuna nyongeza ya muda wa maombi kwa wanafunzi". Mstari wa kwanza, "Hakuna nyongeza ya muda wa", ni pikseli 275. Wa pili, "maombi kwa wanafunzi", ni 208. Kinaingia chote. La muhimu zaidi kwangu ni kwamba hata kikikatwa katikati bado kinasema ukweli, kwa sababu hukumu imekaa kwenye neno la kwanza. Niliwahi kufikiria "Muda wa maombi haujaongezwa", nacho kinaingia vizuri, lakini ukanushaji wote umo ndani ya "hau-", silabi mbili ambazo jicho la haraka linaweza kuziruka. "Hakuna" haurukiki kirahisi.

Kupima upana hakuhitaji programu ya kununua. Kwenye kompyuta, fungua ukurasa wowote katika Chrome, bonyeza F12, nenda kwenye `Console`, kisha andika:

```
const c = document.createElement("canvas").getContext("2d");
c.font = "20px Arial";
c.measureText("Madai kwamba wanafunzi").width
```

Utapata namba iliyo karibu na 230. Pima kila mstari kivyake: ongeza neno mojamoja hadi ukaribie 330, na neno litakalovuka ndilo litakaloanza mstari wa pili. Majibu haya ni makadirio. Simu za Android kwa kawaida hutumia fonti ya Roboto, iPhone ina yake, na upana wa simu wenyewe hutofautiana. Acha nafasi ya sehemu moja ya kumi hivi, usijaze mstari hadi ukingoni.

Tena wapo wasomaji waliokuza maandishi kwenye simu zao, wengi wakiwa watu wazima ambao macho yameanza kuchoka. Maandishi yakikuzwa hadi asilimia 130, mstari uliobeba 330 unabeba kama pikseli 254 za awali. Kichwa cha "Madai" sasa kinaishia "wameongezewa muda wa…". Kile cha "Hakuna nyongeza" kinabadilisha tu mahali pa kuvunjika, "wa" ikashuka mstari wa pili, na bado kinaonekana chote. Ninawatakia wahariri waijaribu mipangilio hiyo kwenye simu zao kabla ya kuchapisha habari yoyote ya afya, fedha au uchaguzi.

Jina la tovuti nalo hula nafasi. Tangu Oktoba 2022 Google huonyesha jina la tovuti kwenye simu katika mstari wake wa peke yake, juu ya kichwa. Tovuti zinazoendelea kuanza kila kichwa kwa jina lao na mstari wa wima zinalionyesha jina mara mbili, na zinalipia kwa maneno ya mwisho ya habari.

Usitegemee takwimu kukuonyesha tatizo. `Search Console` inaweza kutenganisha simu na kompyuta, na ukurasa unaoonekana sana kwenye simu lakini haubonyezwi unastahili kuchunguzwa. Lakini yule aliyesoma kichwa kilichokatwa, akaamini muda umeongezwa na kufunga simu, hesabu hizo zinamwonyesha kama mtu ambaye hakubonyeza, sawa na aliyekwisha kupata jibu sahihi. Njia ya uhakika ni kushika simu, kuutafuta ukurasa wako na kusoma kilichobaki kana kwamba hujui habari yenyewe.

Ukifanya hivyo unaweza kukuta kichwa ambacho hukukiandika. Tangu Agosti 2021 Google ilibadilisha namna inavyotunga vichwa vya matokeo, na pale inapoona inafaa huacha ulichoweka kwenye `<title>` na kuchukua kichwa kikubwa kilichoandikwa ndani ya ukurasa, yaani `<h1>`. Kwa hiyo kurekebisha kimoja hakutoshi. Kama `<title>` inaanza na "Hakuna nyongeza" lakini `<h1>` bado ni ile ya "Madai kwamba wanafunzi", kanusho linaweza kukatwa tena kupitia mlango huo wa pili. Hukumu iwe mwanzoni mwa vyote viwili.