Kwa Nini Makosa ya Kunakili DNA ni Machache

Bakteria E. koli ana jozi za besi zipatazo milioni 4.6. Kabla ya kugawanyika, ni lazima azinakili zote. Kimeng'enya cha polimerasi hufuata uzi wa zamani kikiweka A mkabala na T, na G mkabala na C. Kwa kuchagua besi peke yake, polimerasi hukosea takribani mara 1 katika kila besi 100,000. Kila uzi mpya ungekuwa na makosa 46.

Hatua ya kwanza: kusahihisha papo hapo
Besi isiyolingana haikai sawasawa. Ncha ya uzi mpya hulegea, polimerasi husita, na ncha huhamia kwenye sehemu ya kimeng'enya inayokata. Besi mbaya hukatwa, kisha kazi huendelea. Makosa hupungua kama mara 100: 46 ÷ 100 = 0.46.

Hatua ya pili: kurekebisha jozi zisizolingana
Polimerasi ikishapita, protini MutS hutambua jozi iliyobaki na kasoro. Lakini besi ipi kati ya hizo mbili ndiyo kosa? Uzi wa zamani una alama za methili kwenye mfuatano GATC; uzi mpya bado hauna. Protini MutH hukata uzi usio na alama, kipande chenye kosa huondolewa, na pengo hujazwa upya. Tukichukua tena mara 100: 0.46 ÷ 100 = 0.0046, yaani kosa 1 katika nyuzi mpya 200 na ushei.

Swali
Seli za aina nne, kwa idadi sawa, zilipandwa kwenye chakula chenye rifampisini: za kawaida; P, ambazo polimerasi yake haiwezi kukata; Q, zisizo na MutS; na R, zisizo na kimeng'enya cha kuweka methili. Eleza matokeo unayotarajia.

Jibu
Seli inayoota hapa ni ile iliyokwisha kupata badiliko katika jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza RNA, hivyo makoloni mengi ni dalili ya makosa mengi. Za kawaida zitatoa makoloni machache kuliko zote.

Q hubaki na hatua ya kwanza tu, yaani makosa 0.46. Kwa hesabu, P pia ingepata 46 ÷ 100 = 0.46. Kwa kweli P huzidi, kwa sababu jozi mbaya ni nyingi mno na mfumo wa kurekebisha huelemewa.

R ina MutS na MutH, ila haijui uzi upi ni mpya. Mara nyingine hukata uzi wa zamani na kulifanya kosa liwe la kudumu. Makosa huongezeka, lakini hayafikii ya Q.

Angalia: usiandike kwamba rifampisini ilisababisha mabadiliko hayo. Mabadiliko yalikuwepo kabla. Dawa iliua seli zisizokuwa nayo.