Simba hajalewa

Mbwa wengi wa ulinzi Dar es Salaam hufungiwa bandani asubuhi na kufunguliwa usiku. Banda mara nyingi ni la mabati, na saa saba mchana mwezi wa Februari huwezi hata kuligusa. Mbwa hatoi jasho la maana, ni kidogo tu kwenye nyayo. Tegemeo lake ni kutweta: hewa ipite juu ya ulimi, ikaushe unyevu, na joto liondoke nao. Pwani hewa yenyewe imeshajaa unyevu, basi anatweta weee na joto limebaki palepale.

Mwaka jana mlinzi wa jirani alinigongea geti. "Kaka, njoo umwone Simba, kama amelewa."

Simba alikuwa kalala ubavu nje ya banda, ulimi umetoka wote, mwekundu wa kuiva, ute mzito ukining'inia. Nilipomwita akasimama, akayumba, akaanguka. Mbwa aliyechoka tu, ukimweka kivulini, kutweta kunapungua. Huyu hakupunguza, na kule kuyumba kulinitosha: ni kiharusi cha joto. Angesubiriwa, kingefuata kutapika, kuharisha damu au degedege.

Mlinzi alikuwa amemfunika taulo lililoloa. Nia njema, lakini taulo hupata moto haraka na kugeuka blanketi. Tukalitoa, tukamburuta hadi barazani. Mpira wa maji tuliuacha umwagike kwanza, maana maji yaliyolala juani yanaunguza. Kisha tukammwagia mfululizo shingoni, kifuani, tumboni na mapajani, tukichambua manyoya hadi ngozi ilowe, huku feni ikimpuliza. Pua na mdomo tuliviepuka asije akavuta maji. Kunywa, tulimwekea bakuli tu. Mbwa asiyejitambua ukimnywesha kwa nguvu, maji huingia mapafuni.

Wengi huogopa maji baridi, eti mishipa itajibana. Kinachomuua ni joto, si baridi ya maji. Tumia maji yoyote yaliyo karibu, mradi yawe na ubaridi kuliko mwili wake, na uanze hapohapo kabla ya kutafuta usafiri.

Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39.2, na likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Kama una kipimajoto, kiingize njia ya haja kubwa, na ukiona 39.5 acha kumwagia, la sivyo atashuka kupita kiasi. Sisi hatukuwa nacho. Tulimwagia hadi kutweta kukatulia na akageuza kichwa alipoitwa, ndipo tukampakia kwenye bajaji, pazia zote zimefunguliwa.

Kwa daktari wa mifugo Simba aliingia anatembea. Jirani akataka kumrudisha nyumbani. Daktari akakataa: figo na uwezo wa damu kuganda vinaweza kuharibika siku moja au mbili baadaye, mbwa akiwa anaonekana mzima. Alimtundikia dripu, akampima damu siku hiyo na kesho yake.

Banda sasa liko chini ya mwarobaini, na mchana mlango hauna kufuli.