Mkazo wa WhatsApp, Herufi za HESLB

Kiswahili kinamrahisishia kazi msomaji wa sauti. Kila irabu ina sauti yake, na mkazo karibu kila mara huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hata neno asilowahi kulikuta atalisoma sawasawa. Msaada huo hukatika pale jina la Kiingereza au kifupisho kinapojitokeza katikati ya sentensi, na hapo ndipo mwandishi wa skripti anapopaswa kuweka alama.

Tuchukue sentensi ya tangazo la kuwatahadharisha wanafunzi wa Tanzania wanaoomba mikopo: “Utapokea SMS yenye PIN yako, usimtumie mtu yeyote kwa WhatsApp, hata akisema anatoka HESLB.”

Swali la kwanza ni kama kifupisho kinasomwa kama neno au kwa herufi mojamoja. PIN ni neno. SMS na HESLB ni herufi. Karatasi yenyewe haisemi lolote: TANESCO na TRA zote zimeandikwa kwa herufi kubwa, ila ya kwanza inatamkwa kama neno na ya pili kwa herufi. Wengi huishia kuweka vistari, H-E-S-L-B, wakadhani kazi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu herufi nazo zina majina mawili. Msomaji aliyezoea kutaja herufi kwa Kiingereza ataiita E “i”, na msikilizaji anayefikiri kwa Kiswahili atasikia I. Vivyo hivyo, G ikitajwa “ji” huweza kudhaniwa kuwa J. Katika jina linalojulikana madhara ni madogo. Katika anwani ya tovuti au namba ya kumbukumbu ambayo msikilizaji anatakiwa kuiandika, kosa hilo linampeleka mahali pasipo sahihi. Ndiyo maana mimi huamua kwanza majina yapi ya herufi yatumike, kisha huandika sauti zenyewe kwa tahajia ya Kiswahili. Kwa HESLB, ambayo ni jina linalojulikana, nabaki na yale ya Kiingereza: echi-i-esi-eli-bi.

Kuandika hivyo kunaonyesha jambo jingine ambalo macho hayalioni. Kwenye ukurasa HESLB ni neno moja fupi; mdomoni ni silabi nane. Anayekadiria muda wa tangazo la sekunde 30 kwa kuhesabu maneno atashangaa msomaji anapolazimika kukimbia. Dawa ni kuhesabu silabi baada ya kuweka alama, kisha kupunguza maneno mengine, au kutaja “Bodi ya Mikopo” pale jina hilo linapotosheleza.

WhatsApp ina tatizo la mkazo. Kwa Kiingereza nguvu iko mwanzoni na neno linaishia kwa konsonanti: WOT-sap. Kinywa cha Mswahili mara nyingi huongeza irabu mwishoni, na irabu hiyo ikiongezeka mkazo nao unasogea ili ubaki kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: wo-TSA-pu. Herufi kubwa hapa ni alama ya silabi yenye nguvu. Matamshi yote mawili yanaeleweka, na kwa tangazo la redio la kitaifa ningechagua la pili. Kisichofaa ni kuyachanganya. Sentensi moja ikirudiwa kurekodiwa wiki inayofuata na kupachikwa katikati ya zile za zamani, jina linalobadilika mkazo ndilo linaloufichua mshono. Mwenye chapa aulizwe mapema anataka lipi, kabla studio haijalipiwa.

Alama ya matamshi ikae safu ya pembeni au juu ya jina. Ukiiweka kwenye mabano ndani ya sentensi, msomaji aliyechoka ataisoma pia. Ukiliondoa jina lenyewe na kuacha matamshi peke yake, mtu wa manukuu ya video atachapa “wotsapu” kwenye skrini.

Sauti ikitoka kwenye kompyuta, kanuni ni ileile. Lugha ya alama ya SSML, ambayo toleo lake la 1.1 lilipitishwa na W3C mwaka 2010, inaliacha jina kama lilivyo na kuupa mtambo cha kutamka:

```xml
usimtumie mtu kwa <sub alias="wotsapu">WhatsApp</sub>,
hata akisema anatoka
<sub alias="echi i esi eli bi">HESLB</sub>.
```

Iko pia alama iitwayo `phoneme`, inayopokea alfabeti ya kimataifa ya fonetiki. Inavutia kwa usahihi wake, lakini sauti iliyotengenezwa kwa Kiswahili inaweza kukosa kabisa irabu ya Kiingereza unayoiandika, na mitambo mingine huipuuza alama hiyo bila kutoa onyo. Kwa hiyo `sub` ndiyo ya kuanza nayo. Hapo mkazo hauhitaji alama ya ziada: “wotsapu” ina irabu mwishoni, na mtambo unaofuata kanuni ya Kiswahili utaikaza “tsa” wenyewe. Ukitaka WOT-sap, itakubidi usikilize rekodi nzima, kwani kuna mitambo itakayoongeza irabu ile uliyoikwepa.