Kwa Nini Mota Ikibanwa Hula Umeme Mwingi

Mota ndogo ya volti 12 yenye sumaku ya kudumu, ikizunguka bila mzigo, huvuta ampea 0.5 tu. Ibane shafti kwa koleo isizunguke, na ampea zinaruka hadi 10. Haupiti muda vanishi ya koili inaanza kunuka. Betri ni ileile na waya ni uleule. Wanafunzi wengi huuliza ampea 10 zimetoka wapi, lakini hizo hazina fumbo. Koili ya mota hii ina ukinzani wa omu 1.2, na 12 gawanya kwa 1.2 ni 10. Kinachohitaji maelezo ni ile nusu ampea: ni kitu gani kinachouzuia umeme mota inapozunguka?

Jibu unaweza kuliona mezani. Iondoe mota kwenye betri, unganisha nyaya zake na multimita iliyowekwa kwenye volti za DC, kisha zungusha shafti kwa vidole. Namba zinatokea kwenye kioo. Koili inayozunguka mbele ya sumaku huzalisha volteji, awe anayeizungusha ni mkono wako au ni betri. Katika maonyesho ya Vienna ya mwaka 1873, dainamo ya Gramme ililishwa umeme kutoka kwa dainamo nyingine, nayo ikageuka mota.

Basi mota inayozunguka ni jenereta pia, na volteji inayoizalisha huelekea kinyume na ile ya betri. Tuiite volteji pinzani. Hukua sambamba na mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nayo huongezeka mara mbili. Betri hubakiwa na tofauti tu ya kusukuma umeme ndani ya koili:

V = E + I × R

V ni volti za betri, E ni volteji pinzani, I ni ampea na R ni ukinzani wa koili. Bila mzigo, mota yetu huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Ampea 0.5 zikipita kwenye omu 1.2 hula volti 0.6, kwa hiyo volteji pinzani ni 11.4. Hiyo ni volti 3.8 kwa kila mizunguko 1,000.

Sasa ipe kazi. Nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita torki, hutegemea ampea peke yake. Kwa mota hii kila ampea huleta takriban nyutoni-mita 0.036. Mzigo unapoongezwa, torki iliyopo haitoshi, hivyo mwendo unapungua. Mwendo ukipungua, volteji pinzani inashuka na ampea zinapanda, mpaka torki ilingane na mzigo. Hapo mwendo unatulia. Tuseme umetulia kwenye ampea 4. Koili inakula volti 4.8, volteji pinzani inabaki 7.2, na mwendo ni mizunguko 1,895 hivi. Ukichora torki dhidi ya mwendo unapata mstari ulionyooka, unaoshuka kutoka torki kubwa kabisa mota ikiwa imesimama hadi karibu na sifuri ikiwa haina mzigo.

Mstari huo hauonyeshi joto. Kwenye ampea 4, betri inatoa wati 48: wati 28.8 zinageuka kazi, pamoja na kushinda msuguano wa mota yenyewe, na 19.2 zinapasha koili moto. Mota ikibanwa, volteji pinzani ni sifuri na wati zote 120 ni joto. Ndiyo maana mota iliyokwama huungua, ilhali ileile ikizunguka bure inaweza kufanya kazi kutwa.

Anayetaka kupima ukinzani mwenyewe asiamini namba ya kwanza ya multimita, kwa sababu brashi za kaboni hazigusi komyuteta sawasawa kila mahali, na shafti ikizunguka kidogo tu volteji yake huvuruga kipimo. Njia bora ni kubana shafti, kuweka volti 1.2 hivi kwa sekunde chache, na kusoma ampea. Kwa mota yetu utapata 1. Geuza shafti kidogo, rudia mara kadhaa, kisha chukua wastani.

Hesabu hizi zina mipaka. Koili ikipata moto, ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo mota moto hupunguza mwendo zaidi kwa mzigo uleule. Na mstari ulionyooka ni wa mota ambayo nguvu ya sumaku yake haibadiliki. Mota ya mfululizo, ambayo umeme wa koili ndio unaotengeneza sumaku yake, hufuata mkunjo: mzigo ukipungua sumaku nayo inadhoofika, na ikiachwa bila mzigo kabisa, mota kubwa ya aina hiyo huweza kukimbia hadi ikajivunja. Usiiwashe kabla ya kuifunga kwenye mzigo wake.