Bei, namba ya simu na tarehe: Jinsi ya kuziandika zisikike na zisomeke kwenye video

Klipu ya sekunde 30 imeisha, mteja amevutiwa, lakini anajiuliza: ile bei ilikuwa elfu moja na ngapi? Namba iliishia nne au nane? Hana muda wa kurudia. Anapita, anaenda klipu nyingine.

Mara nyingi kosa linaanzia kwenye skripti. Mwandaaji anaandika tarakimu tupu, halafu anayesoma anaamua mwenyewe azitamke vipi. Suluhisho ni kuandika mara mbili: tarakimu kwa ajili ya skrini, na maneno kamili kwa ajili ya mdomo.

Chukua mfano wa tangazo la vifaranga. Skripti ya kwanza iko hivi (tarakimu mbili za simu zimefichwa):

"Boksi la vifaranga 100 ni 220,000/=. Kuchukua ni 5/7. Piga 07XX446984."

Bei: chunga neno "elfu"

Msomaji akiona 220,000 anaweza kusema "elfu mia mbili ishirini". Ni sahihi, ila akivuta pumzi kidogo baada ya "elfu", msikilizaji anapata kitu kingine: elfu, mia mbili ishirini. Yaani 1,220! Vivyo hivyo "elfu mia mbili" ni 200,000, lakini "elfu na mia mbili" ni 1,200. Tofauti yote imebebwa na "na" moja.

Ikifika laki, tumia laki. Mwandikie msomaji: "laki mbili na elfu ishirini". Hapo hakuna pa kujikwaa. Bei za chini ya hapo nazo ziandikwe na "na" yake: kifaranga mmoja "elfu mbili na mia mbili".

Kwenye skrini weka Sh 220,000, yenye mkato. Ile 220K wapo wasioielewa, na 220000 inamlazimisha mtu kuhesabu sifuri.

Simu: vipande, siyo mkufu

Tarakimu kumi zilizoshikana hazikai kichwani. Zikate vipande: 07XX 446 984. Anayesoma apumzike palepale penye nafasi kwenye skrini, ili jicho na sikio viende pamoja.

Isomwe tarakimu moja moja: "nne nne sita, tisa nane nne". Usiseme "nne mbili" ukimaanisha nne zimejirudia, kwa sababu kuna atakayeandika 42. Kuwa makini pia na maneno yanayofanana masikioni: nne na nane, sita na tisa. Kwenye kelele za daladala hayo ndiyo yanayochanganya, kwa hiyo yatamkwe polepole.

Namba isomwe mara mbili, na ibaki kwenye skrini muda wote huo. Inaweza kula zaidi ya sekunde 10, hivyo kwenye klipu ya sekunde 30 punguza maneno mengine. Usiiweke chini kabisa ya video wima, maana pale maelezo na vitufe vya programu huifunika. Kama una wateja nje ya nchi, andika +255 na uondoe sifuri ya mwanzo.

Tarehe: taja siku na mwezi

Kwa Mtanzania, 5/7 ni tarehe tano mwezi wa saba. Kwa ndugu aliye Marekani ni Mei 7. Kwenye skrini andika mwezi kwa jina: Jumamosi, 5 Julai 2025.

Kwa sauti, Juni na Julai huchanganyika. Bora msomaji aseme: "Jumamosi, tarehe tano, mwezi wa saba". Siku ya wiki ni ulinzi wa ziada, kwa kuwa aliyesikia tarehe vibaya atashtuka akiangalia kalenda.

"Kesho" na "wiki hii" ziache. Klipu husambazwa kwenye magrupu siku kadhaa baadaye, na kesho ya mtazamaji siyo kesho yako.

Skripti iliyonyooka

Skrini: Boksi la vifaranga 100, Sh 220,000. Kuchukua: Jumamosi, 5 Julai 2025. Simu: 07XX 446 984.

Sauti: "Boksi la vifaranga mia moja ni laki mbili na elfu ishirini. Utachukua Jumamosi, tarehe tano, mwezi wa saba." Kisha namba ya simu, mara mbili.

Kabla ya kuposti, mpe mtu ambaye hajaiona. Kwanza asikilize simu ikiwa imefunikwa na aandike alichosikia. Kisha mtu mwingine aitazame bila sauti, naye aandike. Karatasi zao zikitofautiana hata tarakimu moja, rekebisha hapohapo.