Kwa Nini Mama Huyu Alipasuliwa?

Faili limefika chumba cha kumbukumbu asubuhi. Mgonjwa mwenyewe ameshakwenda nyumbani na mtoto wake. Kwenye muhtasari wa kuruhusiwa, daktari wa zamu ameandika mstari mmoja tu: "C/S ya dharura. Mama na mtoto wazima." Chini yake pana saini na tarehe. Sasa mtunza kumbukumbu anatakiwa kuugeuza mstari huo uwe misimbo, yaani zile herufi na tarakimu ambazo hospitali huzitumia kuhesabu magonjwa na mfuko wa bima huzitumia kuamua utalipa nini.

Njia ya mkato ipo. Akiandika O82.1, ambao ni msimbo wa kujifungua kwa upasuaji wa dharura, atakuwa amemaliza kazi ndani ya nusu dakika. Msimbo huo umo kitabuni na kompyuta itaupokea bila kulalamika. Hata hivyo, upasuaji ni kile mama alichofanyiwa. Kilichomsumbua hata akapelekwa chumba cha upasuaji usiku, msimbo huo hausemi neno.

Faili hili ni la mfano, lakini waliowahi kukaa kwenye chumba cha mafaili watalitambua mara moja. Ndilo linaloonyesha vizuri kazi ya karatasi ya misimbo, ukurasa mmoja ambao mtunza kumbukumbu huujaza kabla hajagusa kompyuta. Karatasi hiyo humlazimu ajibu maswali kwa mpangilio: daktari ameandika nini kwa maneno yake mwenyewe? Hali kuu ni ipi? Hali nyingine ni zipi? Mgonjwa amefanyiwa nini? Kuna jambo gani la kumuuliza daktari? Nafasi ya msimbo ipo pembeni mwa kila jibu, na haijazwi mpaka maneno yawe yamekamilika.

Msingi wa kazi hii ni ainisho la magonjwa la Shirika la Afya Duniani, ICD-10, lililopitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumiwa na nchi wanachama mwaka 1994. Lina juzuu tatu. Ya kwanza ni orodha ya misimbo yenyewe pamoja na maelezo ya kila mmoja. Ya pili ni maelekezo na kanuni. Ya tatu ni faharasa ya alfabeti, na hapo ndipo mtu huanza kutafuta neno. Kosa la kawaida la wageni wa kazi hii ni kuishia hapo kwenye faharasa. Karatasi nzuri huwa na visanduku viwili kando ya kila msimbo, kimoja cha kuonyesha kwamba neno limepatikana katika Juzuu ya 3 na kingine kwamba msimbo umehakikiwa katika Juzuu ya 1. Kisanduku hicho cha pili ndicho kitakachomwokoa mtunza kumbukumbu wetu, kama tutakavyoona.

Tulifungue faili basi. Mama ana miaka 24 na hii ni mimba yake ya kwanza. Patografu, ile chati ambayo mkunga huchora maendeleo ya uchungu, inaonyesha njia ilifunguka vizuri mwanzoni, kisha mstari ukalala kwa saa nyingi ukavuka mpaka wa hatari. Maelezo ya upasuaji, yaliyoandikwa na daktari aliyepasua, yanasema kichwa cha mtoto hakikuweza kupita kwenye nyonga na uchungu ulikuwa pingamizi. Mtoto alitoka hai. Ukurasa wa wauguzi unasema mama alipoteza damu mililita 1,200 na kuongezewa chupa mbili alfajiri ile.

Swali la hali kuu lina jibu lake katika kanuni. Hali kuu ni ile iliyothibitishwa mwishoni mwa matibabu kuwa ndiyo sababu kubwa ya mgonjwa kuhitaji huduma. Haichaguliwi kwa kuwa imeandikwa kwanza. Na kuhusu kujifungua, Juzuu ya 2 inasema wazi kwamba misimbo ya O80 hadi O84, inayoeleza namna ya kujifungua, isitumike kama hali kuu isipokuwa pale ambapo hakuna taarifa nyingine yoyote iliyoandikwa. Hapa taarifa nyingine ipo, tena kwa mwandiko wa daktari mwenyewe, ila imelala kurasa sita nyuma ya muhtasari. Kwenye mstari wa hali kuu, kwa hiyo, anaandika: "Uchungu pingamizi, kichwa cha mtoto hakikutoshea kwenye nyonga."

Hapo ndipo mtego ulipo. Akitafuta katika faharasa kwa kuanzia na kutotoshea kwa kichwa na nyonga, atakutana na O33.9. Unaonekana ndio wenyewe. Akitii kile kisanduku cha pili na kufungua Juzuu ya 1, atasoma chini ya O33 kwamba kundi hilo ni la hali hizo zinapokuwa sababu ya kumwangalia au kumlaza mama, au ya kumpasua kabla uchungu haujaanza. Panafuata onyo kwamba zikiambatana na uchungu pingamizi, msimbo unahamia O65 au O66. Anafuata, na anaupata: O65.4, uchungu pingamizi kwa sababu kichwa cha mtoto hakiwiani na nyonga ya mama.

Tofauti ya O33 na O65 ni ya mama wawili tofauti kabisa. Wa kwanza aligundulika mapema, akapangiwa siku, akapasuliwa kwa utulivu. Wa pili alihangaika na uchungu kwa saa nyingi huku yeye na mtoto wakiwa hatarini. Wilaya inayotaka kujua kama akina mama wake wanafikishwa hospitali kwa wakati haiwezi kuijua bila tofauti hiyo. Na kama wote wawili wameandikiwa O82, hospitali itakuwa na hesabu ya upasuaji isiyokuwa na sababu hata moja.

Linabaki suala la damu. Mililita 1,200 ni nyingi, na mtunza kumbukumbu mzoefu anajua kwamba O72 ni kundi la kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Mkono unawasha kuandika O72.1. Asiandike. Yeye si tabibu. Kipimo cha damu kilichoandikwa na muuguzi, kama matokeo yoyote ya maabara, hakigeuki ugonjwa mpaka mwenye dhamana ya kutambua ugonjwa aseme hivyo. Tena O72 ina matawi, na msimbo hubadilika kulingana na kama kondo la nyuma lilibaki ndani, au kama damu ilitoka baada ya saa 24 za kwanza.

Kwa hiyo anajaza sehemu ya chini ya karatasi, ile ya maswali kwa daktari. Maneno yake yana uzito. Akiandika "Daktari, naomba uandike kwamba mama alitokwa damu nyingi ili bima ilipe," atakuwa amemwekea daktari jibu mdomoni, na mkaguzi wa bima akiiona karatasi hiyo atakuwa na haki ya kutilia shaka faili zima. Swali safi ni hili: "Daktari, naomba ufafanuzi. Wauguzi wameandika damu mililita 1,200 na mama akaongezewa chupa mbili. Je, kulikuwa na tatizo la kuandikwa kwenye muhtasari? Kama lipo, lilianza lini na chanzo chake kilikuwa nini?" Daktari analisoma, anarudi kwenye faili, anaongeza kwa mkono wake: kutokwa damu nyingi mara baada ya kujifungua, kizazi kililegea, kondo lilitoka lote. Anaweka saini na tarehe ya siku hiyo. Sasa O72.1 ina pa kusimama.

Matokeo ya uzazi yanaongezwa kwa Z37.0, mtoto mmoja aliyezaliwa hai. Mtoto ana faili lake na karatasi yake. Kama alichelewa kulia, tatizo hilo linaandikwa kwake, kwa misimbo inayoanza na P, na kuliweka kwenye faili la mama ni kosa hata kama wote walilala kitanda kimoja.

Kuhusu upasuaji wenyewe, ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani ni ya magonjwa na haina orodha ya tiba. Kila nchi, na mara nyingi kila mfuko wa bima, ina orodha yake ya huduma na bei. Kwa hiyo mstari wa tiba kwenye karatasi hujazwa kwa maneno kwanza: upasuaji wa kujifungua, sehemu ya chini ya kizazi, kuongezewa damu, chupa mbili. Tarehe na jina la aliyefanya hufuata, kisha msimbo kutoka orodha ya mlipaji husika.

Mistari hii miwili, wa ugonjwa na wa tiba, lazima isomane. Mkaguzi wa madai anatazama hasa hapo. Dai lenye O82.1 pekee, pamoja na chupa mbili za damu na siku za ziada wodini, linamfanya aulize damu ilikuwa ya nini. Faili linarudishwa, wiki zinapita, na hospitali inasubiri fedha ya kazi iliyofanywa kweli. Dai lenye O65.4, O72.1, upasuaji na damu linajieleza lenyewe.

Makosa mengine ni ya mkono tu. Karibu misimbo yote ya uzazi huanza na herufi O, na kwenye kibodi sifuri iko karibu nayo. 065.4 yenye sifuri si msimbo, na mfumo usiokagua herufi ya kwanza utaupokea na kumpoteza mama huyu kwenye takwimu. Wengine huandika herufi hiyo kwa mkwaju chini yake ili isichanganywe. Msimamizi naye ana dalili zake za kutazama. Rundo la misimbo inayoishia na .9, maana yake "bila ufafanuzi", kutoka kwa mtu mmoja au wodi moja linaonyesha ama faharasa imesomwa juu juu ama madaktari hawaandiki vya kutosha. Ili kujua ni lipi, anachukua mafaili 20 yaliyokwisha kazi, anampa mwenzake ayawekee misimbo upya bila kuona ya kwanza, kisha anazilinganisha karatasi mbili mstari kwa mstari. Kwa sababu maneno yameandikwa kabla ya misimbo, anaona kosa lilianzia wapi.

Toleo jipya, ICD-11, lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na nchi zinahamia kwa hatua. Linatafutwa kwa kompyuta na misimbo yake huunganishwa miwili au mitatu kueleza hali moja. Kisanduku cha juzuu kitabadilika. Mstari wa maneno ya daktari utabaki, kwa sababu hakuna toleo linaloweza kutafuta sababu ambayo haikuandikwa.

Hilo haliwezi kumalizwa chumba cha mafaili peke yake. Daktari wa zamu anayeandika "C/S ya dharura" saa kumi alfajiri amechoka, na hakuna anayemlaumu. Aongeze maneno manne tu baada ya hapo: kwa sababu ya nini.