Dripu ya Haraka na Watoto 3,600

Mtoto ana homa kali, anahema kwa shida au hajitambui vizuri, na miguu yake imepoa. Daktari anambana ukucha kwa kidole gumba, anaachia, kisha anahesabu. Ikiwa wekundu unachukua sekunde 3 au zaidi kurudi, damu haizunguki inavyopaswa. Katika nchi tajiri, mtoto kama huyo alikuwa akiongezwa dripu nyingi kwa haraka. Lakini je, tiba hiyo ilifaa katika hospitali zetu, ambako mashine za kupumulia ni adimu? Hakuna aliyekuwa amepima kwa kiwango cha kutosha. Swali hilo ndilo lililozaa jaribio la FEAST, lililoanza mwaka 2009 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, likiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi.

Muhtasari wa itifaki yake ulieleza nani aingie: watoto wa siku 60 hadi miaka 12 wenye dalili hizo. Wenye utapiamlo mkali, kuharisha na kutapika, au majeraha ya moto waliachwa nje, kwa kuwa mahitaji yao ya maji ni tofauti. Walioingia waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi 3: dripu ya haraka ya maji ya chumvi, ya albumini, au bila dripu ya haraka. Wote walipewa matibabu mengine ya kawaida.

Kipimo kikuu kilikuwa kifo ndani ya saa 48. Naona uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu madaktari walijua nani amepewa nini. Mtu anaweza kuvutiwa na matumaini yake akisema mgonjwa "amepata nafuu", lakini kifo hakina ubishi.

Idadi ya watoto ilitegemea vifo vilivyotarajiwa. Mwanzoni walipanga watoto 2,880. Vifo vilipoonekana vichache kuliko makadirio, waliongeza hadi 3,600. Tuchukue kundi moja la watoto 1,200: kama 11 katika kila 100 hufariki, vifo ni 132. Tiba ikipunguza theluthi moja, vinabaki 88. Katika kundi la watoto 100, tofauti hiyo ingekuwa vifo 11 dhidi ya 7 hivi, na hiyo inaweza kutokea kwa bahati tu. Vifo vikipungua, watoto zaidi wanahitajika ili tofauti ionekane.

Januari 2011 jaribio lilisimamishwa, watoto 3,141 wakiwa wameshaingia. Katika makundi yote mawili ya dripu ya haraka, walifariki kama 10.5 katika kila 100. Kwa wasiopewa, 7.3. Tiba iliyotarajiwa kuokoa iliua zaidi.

Mzazi asichukue matokeo haya kuwa sababu ya kukataa dripu. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha hakuwemo katika jaribio hili, na bado anahitaji maji upesi.